Jibu lake lilikuwa 364

Mwaka 2017 binti yangu alikuwa darasa la nne, na upimaji wa kitaifa ulikuwa unakuja Novemba. Ilipofika Agosti daftari lake la hisabati lilikuwa limejaa wino mwekundu. Jioni tukikaa mezani, nyumbani kwetu Tabata, machozi yanamtoka hata hatujafungua ukurasa. Tukaona tumtafutie mwalimu wa tuisheni.

Majirani wote walinitajia mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha zaidi ya miaka 30. Mimi nilikuwa nimesikia pia habari za binti wa mtaa wa pili, aliyemaliza chuo cha ualimu mwaka uliotangulia na bado anasubiri ajira. Baba yake mtoto alimtaka mzee. "Mtoto amelegea, anahitaji mtu wa kumkaza." Sikuwa na hoja ya kumjibu. Nilikuwa naogopa tu fimbo ambayo kila mtu alisema hulazwa juu ya meza. Tukakubaliana kila mmoja amjaribu mara moja.

Jumamosi tukaenda kwa mzee. Fimbo ilikuwepo. Alimuuliza mtoto saba mara nane, na papo hapo akasema, "Toa mkono juu ya meza." Kweli, alikuwa anahesabu vidole chini kwa chini, jambo ambalo mimi mama yake sikuwahi kuliona. Kisha akampa hesabu kumi za kutoa. Alipata tatu. Mzee akaweka alama za kosa, akamwonyesha upya namna ya kukopa, akamwambia arudie zote. Akarudia huku kalamu ikitetemeka, akapata tano. "Mama, huyu hajui kutoa, na tebo hana. Niachie, nitampa hesabu 50 kila siku."

Jumapili yule binti alikuja nyumbani. Aliniamkia, akaomba daftari, akakaa kimya analisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilidhani hajui aanzie wapi. Kumbe alikuwa anasoma zile zilizokosewa tu. Akaniita pembeni, akaniwekea kidole kwenye 402 − 178. Mwanangu alikuwa ameandika 376.

"Mama, tazama. Kwenye mamoja ilikuwa mbili toa nane. Yeye amefanya nane toa mbili, akapata sita. Kwenye makumi, sifuri toa saba, amegeuza akaandika saba. Kila akikuta namba ndogo iko juu, anageuza. Ndiyo maana zile zisizo na kukopa anapata zote."

Akachukua karatasi, akaandika 503 − 267. Nyuma yake, mtoto asione, akaandika 364. Akampa aifanye, bila haraka. Mtoto akaandika 364.

Nilisikia baridi mwilini. Miezi yote ile nilikuwa namwambia "zingatia", na mtoto alikuwa anazingatia kweli. Alikuwa anafuata kanuni yake mwenyewe bila kuikosea hata mara moja. Hesabu 50 kwa siku zingemzoesha kuigeuza haraka zaidi.

Binti akaniomba hela. Nikampa noti nne za elfu kumi na sarafu mbili za mia. "Hii ni shilingi 40,200. Dukani unadaiwa 17,800, na muuzaji hana chenji hata moja. Utamlipaje?" Mwanangu akatazama sarafu zake mbili. Anatakiwa kutoa nane, na safari hii hakuweza kugeuza, maana sarafu zenyewe hazipo. Akakaa. Binti naye akakaa, hakumsaidia. Mwishowe mtoto akasema, "Nikachenji." Akaichenji elfu kumi moja kwenye mkoba wangu, akapata noti kumi za elfu moja, kisha moja ya hizo akaichenji kwa sarafu kumi za mia. Sasa mezani zilikuwepo elfu kumi tatu, elfu moja tisa, na sarafu 12. Akalipa. Zikabaki 22,400. Ndipo binti akamwandikia tena 402 − 178, na mtoto akaandika 224, akaniangalia.

Tulimchukua binti. Baba yake mtoto alikubali baada ya kuiona ile karatasi yenye 364 pande zote mbili.

Nilikwenda mwenyewe kwa mzee kumwambia, nikaona ni heshima. Alisikiliza, akaniuliza, "Na tebo je?" Nikasema bado. "Mtakwama kwenye kugawanya." Na tulikwama, mwezi wa Oktoba. Mtoto alielewa kila hatua lakini kila hatua ilimla dakika mbili za vidole, na binti kwa upole wake hakuwa amembana kabisa upande huo. Hiyo kazi niliichukua mimi. Asubuhi kwenye daladala, kutoka Tabata hadi shuleni, namuuliza saba mara nane, nane mara sita, huku nimemshika mikono yote miwili.