Dawa ya Mshipa Aliyoinywa Mama

Mama hatumii penisilini. Humtoa vipele na kumbana pumzi. Kwa hiyo taya lake lilipovimba baada ya kung'olewa gego, aliandikiwa klindamaisini. Uvimbe uliondoka vizuri sana. Vidonge vilikuwa vinakaribia kwisha alipoanza kuharisha, maji matupu, usiku na mchana, huku tumbo likimkata na homa ikipanda.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi alisema amiba. Kaka akaenda duka la dawa akarudi na loperamaidi, vidonge vya kufunga tumbo, na mama akameza. Choo kilipungua kweli, lakini tumbo likaanza kujaa na kukaza. Hapo tukamkimbiza hospitali.

Daktari aliyempokea alikuwa dada mpole, ila maswali yake hayakuwa ya kipole. Kabla hajagusa tumbo aliuliza, "Mama, miezi hii miwili mitatu umetumia antibiotiki gani?" Nikampa boksi la klindamaisini. Akalitazama, akauliza kama kuna dawa ya vidonda vya tumbo pia. Ilikuwepo omeprazoli, ya siku nyingi, ambayo hata mama mwenyewe hakukumbuka kwa nini aliianza.

Alitueleza hivi. Ndani ya utumbo mpana kuna bakteria wengi wanaoishi kwa amani na kuwabana wabaya. Klindamaisini ilipoua bakteria wa taya, iliwafyeka na hao. Nafasi ikabaki wazi kwa bakteria aitwaye Klostridiamu difisile, ambaye klindamaisini haimfanyi kitu mara nyingi, na sumu yake ndiyo inayochoma ukuta wa utumbo. Vidonge vya kufunga tumbo vinaiacha sumu hiyo ikae humo ndani. Akavisimamisha. Akasimamisha klindamaisini, kwa kuwa taya lilikuwa limepona. Lingekuwa bado, alisema, angetafuta antibiotiki nyingine isiyovuruga utumbo kiasi hicho. Omeprazoli nayo ikaondolewa.

Majibu ya damu yalitisha: chembe nyeupe zaidi ya 20,000, na kreatinini ya figo imepanda. Chembe zikifika 15,000 au figo zikianza kuyumba, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Choo kilipelekwa maabara nyingine kutafuta sumu, lakini daktari hakusubiri majibu aanze tiba.

Kaka akauliza kwa nini asipewe metronidazoli, ambayo ipo kila duka na bei yake ni ya kawaida. Kwa ugonjwa mwepesi, pale ambapo dawa bora hazipatikani, akajibiwa, hutumika. Kwa mkali haitoshi: ikimezwa, sehemu kubwa hunyonywa kabla haijafika utumbo mpana. Fidaksomisini ndiyo inayopunguza zaidi ugonjwa kurudi, lakini hapo haikuwepo. Iliyobaki ilikuwa vankomaisini, nayo hospitali ilikuwa nayo ya vichupa vya sindano tu.

Hapo ndipo nesi alipogoma kidogo. "Daktari, hii ni ya mshipa. Anywe?"

"Anywe. Ukimpa kwa mshipa haifiki kwenye utumbo. Akinywa hainyonywi, inashuka yote mpaka panapouma."

Ule ubovu wa vankomaisini kunywewa, yaani kutoingia kwenye damu, ndio uliokuwa faida yetu. Mfamasia aliyeyusha unga wa kichupa cha miligramu 500 kwa mililita 10 za maji safi ya sindano. Kila mara nesi alivuta mililita 2.5, yaani miligramu 125, akachanganya na juisi kidogo kwa sababu ladha yake ni chungu. Mara nne kwa siku, siku 10, kichupa kimoja kwa siku, kinachobaki kikiwekwa kwenye friji.

Daktari alituonya jambo moja lililonishangaza: choo kikikoma ghafla huku tumbo likizidi kuvimba, tusishangilie, tumwite. Huenda utumbo umepooza, na hapo dozi hupandishwa na daktari wa upasuaji huitwa. Nikawa namuuliza mama kila saa kama amepata choo, mpaka akaniambia nimwachie faragha yake.

Gel ya mikono iliyoning'inia mlangoni haikufaa kitu, kwani spirti haiui mbegu za bakteria huyu. Tulinawa kwa sabuni na maji mengi, na choo chake kikasafishwa kwa klorini.

Homa ilishuka kwanza, kisha choo kikaanza kushikamana. Majibu ya maabara yalikuja kuthibitisha tulichokwisha kuanza kukitibu. Alipomaliza dozi nilitaka kipimo kirudiwe. Daktari akakataa, maana kinaweza kuendelea kuonyesha vimelea hata kwa aliyepona. Tuangalie choo tu, akasema, hasa miezi miwili ya mwanzo, kwa kuwa kwa karibu mtu mmoja kati ya watano ugonjwa hurudi.

Haukurudi. Kwenye kadi yake, chini ya penisilini, sasa kumeandikwa klindamaisini, na daktari yeyote wa meno huonyeshwa kadi hiyo kabla mama hajafungua mdomo.