Roboti ilipoona taa nyekundu kuwa ya njano

Kamera ya USB ya roboti yetu ilikuwa ikisoma taa nyekundu kama njano. Nilipoikuza fremu, kiini cha taa kilikuwa cheupe: chumba kilikuwa na giza, kamera ikajiongezea mwanga hadi rangi ikaungua. Kuchezea mipaka ya rangi ya HSV hapo ni kazi bure. Nikazima marekebisho ya kiotomatiki:

```
v4l2-ctl -c auto_exposure=1
v4l2-ctl -c exposure_time_absolute=50
```

Hiyo 50 ni milisekunde 5 za kupokea mwanga kwa kila fremu. Picha ikawa giza, taa ikabaki na rangi yake.

Katika OpenCV nyekundu hukaa ncha zote mbili za kipimo cha hue cha 0–179, yaani 0–8 na 172–179, kwa hiyo niliunganisha vichujio viwili kwa `bitwise_or`. Njano nimeipa 15–35, kijani 45–90. Ila taa ikififizwa kwa PWM, yaani kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka, usifupishe muda huo wa kupokea mwanga kupita kiasi. Baadhi ya fremu zitaikuta imezimika.