Tyubu ya toroli na bawasiri yangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara. Hela ya korosho ikishaingia, sare za harusi zinashonwa mpaka usiku, na bawasiri ilinipata katikati ya kazi hiyo. Kinyama kilitoka nje, nikawa nakalia stuli upande upande.

Jirani yangu muuza vipuri akaniapia kwamba dawa ni kukalia ringi yenye tundu katikati: sehemu inayouma inabaki hewani, haiguswi na kitu. Ringi za dukani bei yake haikunifaa, akaniuzia tyubu ya toroli kwa hela ya chai tu. Niliishonea gauni la vipande vya kitenge, lenye zipu, hata mteja mmoja akauliza nauzaje.

Nusu saa ya kwanza nilikaa kama sultani. Kufika adhuhuri palianza kupwita, na kila nikiinuka nasikia uzito unavuta chini. Nikaongeza upepo, ikawa kali zaidi. Nikapunguza, makalio yakagusa mbao. Jioni kinyama kilikuwa kinene kuliko cha asubuhi.

Tabibu aliponisikiliza alicheka kwanza, kisha akaniambia nizungushe uzi kwenye kidole nikaze. Ncha ikavimba papo hapo. Ringi inakandamiza pande zote, katikati panabaki bila kitu cha kupashika kwa chini. Mishipa ya pale inajaa damu, na damu hiyo inarudi kwa shida. Ndiyo maana hata kuketi chooni muda mrefu, simu mkononi, kunavimbisha. Kuna wanaopata nafuu wakiikalia muda mfupi, alisema, lakini kwa mtu wa kushinda kitini haifai.

Basi nikakata kipande cha godoro gumu, unene wa inchi 3, bapa, bila tundu. Kipime hivi: kalia, kisha mwenzio apenyeze vidole chini ya sponji, kati yake na kiti, usawa wa makalio yako. Akikuta sponji imelala chapati, ongeza unene. Kukata vitambaa nimehamishia kwenye meza ndefu ili nisimame kila baada ya muda.

Lakini mto hautibu. Kilichopunguza uvimbe ni beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, hasa baada ya choo, pamoja na mbaazi, mapapai na maji mengi ili nisikamue. Ukiona uvimbe mgumu wa rangi ya bluu, wenye maumivu makali ya ghafla, nenda hospitali ndani ya siku 3 za mwanzo, maana hapo wanaweza kuutoa kwa upasuaji mdogo. Damu ikitoka nayo ikapimwe, usijiambie tu kwamba ni bawasiri.

Jirani bado anaitetea ringi yake. Nilipombana, kumbe yeye hajawahi kuugua bawasiri: alianguka kutoka kwenye mkorosho akaumia kifandugu, na tundu lile lilimsaidia mfupa usiguse kiti.