Nilivyojaza Viwango vya Lugha na Ujuzi Bila Kujikweza wala Kujishusha

Mwaka juzi niliketi mbele ya jopo la usaili hapa Nairobi, swali la pili likaja kwa Kifaransa. Kwenye fomu nilikuwa nimechagua `Fluent`, kwa kuwa nilikisoma miaka minne sekondari. Sikuweza kujibu. Walirudi kwenye Kiingereza, lakini tangu hapo hata mambo niliyoyajaza kwa haki waliyauliza kwa shaka.

Ilipotangazwa kazi nyingine, ya kukusanya takwimu mashinani, nilijipima kwanza. Fomu ilitenganisha kusoma, kuandika, kuzungumza na kuelewa, kwa ngazi za Ulaya zinazoanzia A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa. Nilisoma taarifa ya Kifaransa ya mradi wa maji, nikaelewa hoja zote ingawa maneno kadhaa yalinipita. Hiyo ni B1, ngazi ya mtu anayeelewa maandishi ya kawaida ya kazi yake. Kisha nikajirekodi kwenye simu nikieleza kazi za wiki ile. Dakika moja haikuisha kabla sijaanza kurudia maneno yale yale. Kujitambulisha na kuuliza bei naweza, kutetea hoja siwezi. Kuzungumza nikajipa A2.

Kikamba kilikuwa kinyume. Ni lugha ya nyumbani, naizungumza bila kuwaza, ila sijawahi kuandika hata barua kwayo. Kuzungumza nikaweka juu, kuandika nikashusha.

Kiswahili ndicho nilichokuwa nakidhulumu. Nilizoea kukiwekea `Intermediate`, kama wengi wetu tunaodhani kuchanganya Sheng ni dalili ya kutokijua. Safari hii niliandika kumbukumbu za mkutano, ukurasa mmoja kwa nusu saa, bila kamusi. Rafiki yangu mwalimu akapata makosa matatu. Nikaandika C1 na moyo ukatulia.

Excel nayo nilikuwa naiita `Beginner` kwa sababu ya jirani yangu ofisini anayeandika makro. Lakini tangazo halikuomba makro. Liliomba mtu wa kusafisha na kuunganisha orodha, na mimi nilikuwa nimeunganisha orodha mbili za kaya kwa `VLOOKUP` na kugundua majina yaliyojirudia. Kipimo ni kazi iliyotangazwa, wala si jirani. Nikachagua `Intermediate`, na kwenye wasifu nikaeleza kazi hiyo kwa mstari mmoja.

Tovuti nyingine ina kisanduku kimoja tu kwa kila lugha. Hapo najaza kiwango cha stadi ambayo kazi inaihitaji zaidi, kisha kwenye barua naandika: Kifaransa, kusoma B1, kuzungumza A2. Anayetaka cheti cha Kifaransa anaweza kufanya mtihani wa DELF. Kila ngazi kuanzia A1 hadi B2 ina cheti chake, na hakiishi muda.

Kwenye usaili wa kazi ile ya takwimu, mama mmoja wa jopo alinisogezea ukurasa wa Kifaransa. "Huu usome tu, kisha utueleze kwa Kiswahili," akasema. Nikausoma, nikawaeleza.