Ile 212/500 ya Ami

Ami alikuwa keshapatana bei na muuzaji wa Nairobi kabla hata hajaniambia, elfu thelathini na tano, picha ya majahazi yametia nanga Bandari ya Kale, aitundike ukumbini kwake Kibokoni. Muuzaji amemwambia ni rangi ya maji, orijino, tena ya namba. Basi Ami akanirushia picha kwa WhatsApp, "Hebu nitizamie mwanangu, wewe ndiwe wa mambo ya wino." Wakati huo nilikuwa nashika mashine ya ofseti kwenye kiwanda kimoja cha kuchapa hapa mjini, wino na karatasi ndio kazi yangu ya kutwa.

Nikaangalia pembe za chini kwanza. Kushoto 212/500 kwa penseli, kulia saini kwa penseli. Nikampigia, nikamwambia Ami, haya maneno mawili yanagongana. Mchoro wa rangi ya maji huchorwa mmoja tu, hauwezi kuwa wa 212 kati ya 500, namba hiyo huwekwa kwa kazi iliyotolewa nakala nyingi. Lakini pia sikumwambia aache, kwa sababu ziko chapa ambazo ni orijino kabisa, msanii mwenyewe achonga ubao au lino, apaka wino, achapa moja moja, halafu aandika namba kushoto na saini kulia vile vile. Kwa hivyo namba na saini hazikati kesi. Linalokata ni wino ulifikaje kwa karatasi.

Na hilo picha ya WhatsApp haikuonyeshi, maana ikishabanwa vile vidoti vidogo vyote vinayeyuka, na picha ya kupigwa mbali wakati mwengine inatoa mawimbi mawimbi ambayo kwa karatasi hata hayapo. Nikamwambia Ami amuombe muuzaji apige upya na atume kama Document isipunguzwe. Moja aweke lenzi ya kukuzia mbele ya kamera ya simu, apige pale mbinguni penye rangi hafifu. Nyingine azime taa ya juu, amulike tochi kutoka ubavuni, karibu ilale na karatasi. Na saini zote kwa karibu.

Saini zote, ndiyo, kwa sababu niliona kuna nyingine ndogo ndani ya picha yenyewe, chini ya ubavu wa jahazi.

Zile picha zilipokuja nilianza na ya tochi. Karatasi ilikuwa na mikwaruzo na vishimo kama ile ya wachoraji, na Ami akafurahi sana, lakini siku hizi karatasi hiyo hiyo inapita kwa mashine. Mimi nilikuwa natafuta rangi inakaaje juu ya vile vishimo. Brashi ikiwa karibu kavu inashika vilele tu, vishimo vinabaki vyeupe. Hapa tanga lilikuwa limechorwa na brashi kavu, unaona kabisa ile michirizi, lakini michirizi haifuati karatasi, inakatiza vilima na vishimo kama havipo. Yaani michirizi ni ya karatasi nyingine, ile aliyochorea msanii.

Halafu mbingu. Kwa macho ni bluu hafifu tulivu, chini ya lenzi ni vidoti vya samawati, waridi, njano na vyeusi kidogo, vimejipanga kwa safu na kufanya viduara kama maua. Hiyo ni ofseti, hiyo ndiyo naichapa kila siku, brashi haifanyi hivyo wala lino haifanyi. Saini ya ndani ya picha nayo ni vidoti vile vile, imechapwa pamoja na jahazi. Ya pembeni ndiyo ya mkono kweli, mstari mmoja wa penseli hauna kidoti, unang'aa kidogo kwa tochi na karatasi imebonyea.

Nilimwambia Ami pia kwamba tungekosa vile viduara bado nisingemuapia ni orijino, kwa sababu printa nzuri za wino wa kurusha hutawanya vidoti vidogo mno bila safu, na simu inaweza isivione.

Ami akampigia muuzaji nikiwa namsikia. Muuzaji akashikilia, "Lakini saini ni ya kweli mzee." Ami akamjibu, "Basi ntalipa saini, mchoro hujaniuzia." Wakavutana mpaka elfu sita, na picha ikaja na basi. Kabla ya kuipeleka kwa fremu nilimwandikia nyuma kwa penseli: chapa ya ofseti, saini ya mkono, watoto wake wasije wakaiuza kwa jina jengine.