Siku moja maishani mwangu: nesi wa simu na mtoto wa siku 51

Saa 10:40 alfajiri simu inanilia kichwani. Nakunywa chai ya jana usiku niliyoiweka kwenye thamosi, navaa sweta mbili kwa sababu Mei ya Nairobi haina huruma, na saa 11:30 niko stejini Umoja nikingojea matatu ijae. Zamu yangu ni saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Mimi ni nesi wa laini ya ushauri. Majirani wanadhani nauza bima kwa simu, na hata wauguzi wenzangu huniuliza ni lini nitarudi kwenye kazi ya kweli. Nilifanya wodi ya watoto miaka tisa kabla ya kuja hapa. Naandika haya ili mtu aone kinachofanyika upande huu wa simu.

Saa 1 hadi saa 4 zilipita kama kawaida: kikohozi, mama mjamzito aliyevimba miguu, mzee aliyesahau kama amemeza dawa ya presha, vijana wawili waliotaka karatasi ya kupumzika kazini, ambayo sisi hatutoi.

Saa 4:20 ikaingia simu kutoka Kayole.

"Sista, mtoto wangu alikuwa na joto usiku lakini sasa limeshuka. Nilitaka tu kujua kama nimpe dawa tena."

Mbele yangu kwenye skrini kuna skripti ya homa ya mtoto. Swali la kwanza si joto ni ngapi. Ni umri. Mama akasema mtoto ana miezi miwili. Jibu hilo sisi hatulikubali, kwa sababu kwa mama wengi wiki sita ni miezi miwili na wiki kumi pia ni miezi miwili, na katikati ya hizo mbili ndipo njia inapogawanyika. Nikamwomba achukue kitabu cha kliniki anisomee tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 14 Machi. Siku hiyo ilikuwa tarehe 4 Mei. Siku 17 za Machi zilizobaki, 30 za Aprili, nne za Mei: siku 51.

Mtoto ambaye hajafikisha siku 60 tunamhesabu tofauti na wengine wote. Kinga yake bado haiwezi kukizuia kijidudu kisisambae kutoka mahali kimoja. Maambukizi ya mkojo au ya mapafu yanaweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye utando wa ubongo ndani ya saa chache, na dalili za nje zikawa hafifu. Kwa hiyo kwake joto la nyuzi 38 linatosha kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima.

Nikauliza joto lilikuwa ngapi na saa ngapi. Akasema lilianza saa nane. Nimejifunza kuuliza tena: nane za usiku au za mchana? Za usiku. Baba yake aliazima kipimajoto kwa jirani, na saa 11 alfajiri kwapani kilisoma 38.3. Saa 12 wakampa nusu kijiko cha paracetamol kutoka kwenye chupa ya dadake mkubwa. Sasa kinasoma 37.6.

Hapo ndipo watu wengi wanapotegwa. Dawa imeshusha joto, haijagusa chanzo. Kipimo kilichochukuliwa saa nne baada ya dawa hakifuti cha kabla yake, na kwenye skripti yetu 38 iliyoonekana wakati wowote ndani ya saa 24 inahesabiwa kana kwamba iko sasa. Nusu kijiko hicho hakikuwa sumu kwa uzito wake. Ubaya wake ni kwamba kilitufunika macho. Ndiyo maana tunaomba mtoto mdogo hivyo asipewe dawa ya joto kabla hajaonwa.

Nilikuwa naingia kwenye maswali ya hatari simu ikachukuliwa.

"Daktari, mimi ni shosho yake. Huyu alichanjwa wiki iliyopita. Ni chanjo hiyo."

Namheshimu shosho yeyote anayelea, na huyu alikuwa amelea watoto saba. Lakini dakika zile zilinichosha kuliko zamu nzima. Nikamuuliza chanjo ilikuwa tarehe ngapi. Tarehe 27 Aprili. Nikamweleza kwamba joto la sindano za wiki sita kwa kawaida hutokea siku ile ile au kesho yake, na huisha ndani ya siku mbili. La mtoto huyu limeanza siku ya saba. Akasema basi ni meno. Meno, kwa mtoto wa wiki saba. Akasema basi ni baridi, ndiyo maana amemvika marvini na shali mbili. Kufunikwa sana kunaweza kweli kupandisha joto la mtoto mchanga, kwa hiyo sikumpinga. Nikamwomba amvue abakie na nguo moja nyepesi. Lakini kupima tena kusingefuta ile 38.3 ya alfajiri. Bado sikuwa najua kama ananyonya.

Simu ikakatika. Kredo imeisha. Nikapiga mimi, ikawa inatumika, kwa sababu wao pia walikuwa wanatafuta kredo wanipigie. Nikapiga tena. Mara ya tatu akashika mama mwenyewe, na nikamwomba aweke spika na simu aiweke kitandani.

"Leo ananyonyaje?"

"Anavuta mara mbili anaachilia, analala. Lakini leo ametulia sana, sista. Hajasumbua."

Skripti yetu imeandikwa kwa Kiingereza na sisi tunaitafsiri mdomoni. Kuna neno moja pale ambalo kila mmoja wetu analitafsiri kwa njia yake: mtoto aliyelegea, asiyeamka vizuri. Ukimuuliza mama kama mtoto amelegea atakwambia hapana, kwa sababu kwake kulegea ni kuzimia. Neno ambalo mama hutumia ni hilo: ametulia. Analisema kwa shukrani, kwa sababu amekesha. Nikilisikia kuhusu mtoto aliye chini ya miezi miwili mwenye joto, mgongo wangu unanyooka kwenye kiti.

Daipa? Ile ile tangu saa nne usiku, kavu. Hizo ni saa 12. Degedege? Hapana. Utosi? Haujavimba wala kubonyea, akanieleza akiugusa mtoto akiwa ameinuliwa. Nikamwambia amsugue unyayo kwa kidole, kwa nguvu kidogo, huku mimi nikisikiliza. Mtoto mzima wa umri huo atanipasua sikio. Nilichosikia kilikuwa mlio mwembamba kama wa paka mchanga, kikaanza na kukatika hapo hapo. Kisha kimya. Kisha mama akasema, "Amelala tena."

Bado pumzi. Nikamwambia amlaze chali, atazame tumbo, na kila likipanda aseme "hapo". Mimi nina saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, yeye ana macho. Tunahesabu dakika nzima, hatuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua haraka kisha akapumzika kidogo, na nusu dakika inaweza kuangukia popote. Hapo, hapo, hapo. Ilifika 66. Kwa umri huu mstari ni 60, na ukivukwa tunarudia. Mara ya pili ilikuwa 64. Nikasikia shosho pale nyuma ameanza kuhesabu naye, polepole, na kufika hamsini akanyamaza.

Joto, kunyonya vibaya, kusinzia, pumzi za haraka. Lolote moja kati ya hayo lingetosha. Nikabonyeza nyekundu.

"Mama, nisikilize. Mtoto anahitaji hospitali sasa hivi, si jioni baba akirudi. Ninaogopa ana maambukizi kwenye mwili, na dawa yake ni ya sindano. Usimpe paracetamol tena. Nenda Mama Lucy Kibaki, ndiyo iko karibu nawe. Mweke kifuani ndani ya nguo yako, mfunike shali moja tu, mjaribishe titi mkiwa njiani ila asilazimishwe kama hawezi kumeza. Beba kitabu. Ukifika usikae kwenye foleni, sema mlangoni: mtoto wa siku 51, ana joto, hanyonyi, anapumua haraka. Rudia."

Akarudia. Alisema "miezi miwili". Nikamwomba aseme siku 51. Tulirudia hadi ikatoka vizuri, kwa sababu mlangoni pale neno hilo ndilo linalomtoa kwenye foleni. Aliyekuja kushika simu tena ni shosho, na nikajiandaa. Akaniambia tu kwamba jirani ana gari na mama ameshatoka kumwita.

Nilipotazama, simu mbili kwa pamoja zilikuwa zimekula dakika 19. Kazi hiyo hufanyika kwa dakika saba. Nilitoka nikanawa uso. Msimamizi aliniuliza kwa nini foleni yangu ina watu tisa, nikamwonyesha skrini nyekundu, hakusema tena.

Mchana sina kumbukumbu nzuri nao. Kulikuwa na baba wa mtoto wa miezi tisa, joto 39.4, mtoto anakula ndizi na kuvuta waya wa simu hadi nikamsikia akicheka. Nikamwambia ampe dawa kwa uzito wake, amwonyeshe kliniki kabla ya kesho mchana, na nikampa dalili za kumkimbiza usiku. Alikasirika. Alisema 39.4 ni joto kubwa, kwamba namdharau. Nilimweleza mara tatu kwamba kwa umri huo tunamtazama mtoto kabla ya namba, na sijui kama aliamini. Nilikula chapati yangu baridi, saa tisa au saa kumi, sikumbuki.

Saa 12 jioni huwa tunawapigia wote tuliowapa nyekundu. Alishika baba. Mtoto yuko wodini, ana dripu, ameshachomwa sindano za kwanza na anasaidiwa na oksijeni. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema wanataka kutoa maji ya mgongo na familia imekataa, kwa sababu kuna mtu wao aliambiwa sindano hiyo inapoozesha.

Nikamwambia kwamba sindano huingia chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, kwenye maji tu, na hutolewa matone machache. Kwamba dawa hazingojei majibu, tayari anapewa. Lakini maji hayo ndiyo yanayoonyesha kama vijidudu vimefika kwenye utando wa ubongo, na kama vimefika dawa itakaa siku nyingi zaidi. Bila kuyaona, daktari anakisia.

Akanyamaza kidogo. "Mimi nimeelewa, sista. Ila anayekataa ni mama yangu. Unaweza kumwambia vile umeniambia?"

Ilikuwa saa 12:50. Nikavuta kiti karibu na meza, nikasikia simu ikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Shosho," nikasema, "ni yule wa asubuhi."