Barua yetu kwa mchapishaji wa michezo ya kompyuta, na fumbo tuliloliweka ndani yake

Tuko wawili tu katika studio yetu ya Mombasa: mwenzangu huchora, nami huandika programu na hadithi. Katika mchezo wetu, mchezaji hupanga upya kurasa zilizochanika za daftari la nahodha wa jahazi. Tulipokusudia kumwandikia mchapishaji mdogo, kila aliyejiita mzoefu alitushauri tuanze na ukoo wa nahodha na bandari alizozipitia, kisha tufiche mwisho ili msomaji aingiwe na hamu. Ushauri huo unanikera hadi leo. Barua za namna hiyo hazikujibiwa, kwa sababu zilieleza kila jambo isipokuwa kile anachokifanya mchezaji.

Safari hii tuliweka fumbo lenyewe katika aya ya kwanza. Tulinukuu kurasa mbili zisizo na tarehe. Ukurasa mmoja unasema: "Maji yamejaa saa tatu asubuhi, tumepakia boriti 400." Mwingine unasema: "Maji yamejaa saa nne na dakika arobaini asubuhi, tumeshusha boriti 380." Kisha tukaongeza kwamba nahodha anaapa kuwa kati ya kupakia na kushusha alilala baharini usiku mmoja tu. Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba saa ya maji kujaa husogea mbele kila siku, kwa wastani wa dakika 50 hivi, lakini mchapishaji wetu hakai pwani, kwa hiyo kanuni hiyo tulimpa kwa sentensi moja. Tofauti ya dakika 100 ni siku mbili. Basi kuna usiku uliofichwa, na boriti ishirini hazijulikani zilikokwenda. Hapo msomaji amekwisha kucheza mchezo wetu kabla hajaliona toleo la majaribio, na ameona kwamba fumbo na hadithi ni kitu kimoja.

Tulikiri pia kwamba baharini kanuni si sawa kila siku, kwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, huchelewa chini ya dakika hizo, na wakati wa maji mafu huchelewa zaidi, ila ndani ya mchezo tumeshikilia 50 ili hesabu isimchoshe mtu.

Mengine yalikuwa mafupi: sura ya kwanza inachezeka mwanzo hadi mwisho kwa muda wa saa moja hivi, zilizobaki zina mafumbo yasiyo na picha, na tunaomba fedha za kutufikisha mwaka na ushei, pamoja na wajaribu na wafasiri. Mwisho wa hadithi tuliueleza wote, maana anayetoa fedha hanunui kitendawili.

Jibu lilikuja na swali moja: mchezaji akibahatisha je? Tulijibu kwamba mchezo hauthibitishi ukurasa mmoja mmoja, bali husubiri kurasa tatu ziwe sahihi kwa pamoja. Siku hiyohiyo aliomba toleo la majaribio.